Sumu ya Muhogo Haitolewi na Moto Peke Yake

Hagadera, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992 kwenye ukame wa Garissa, si nchi ya muhogo. Ndiyo maana swali la usalama wake lina uzito huko: mtu aliyelelewa kwa muhogo Kongo anaula bila wasiwasi, jirani yake ambaye hakuuzoea anaogopa. Wote wawili wana haki.

Muhogo mbichi una linamarini, kemikali ambayo peke yake imetulia. Ndani ya mzizi huohuo kuna kimeng'enya kiitwacho linamarasi, lakini kila kimoja kimekaa chumba chake. Ukiutafuna, ukiukuna au ukiutwanga, kuta hubomoka, viwili hivyo vinakutana na sianidi inatoka. Sianidi ni nyepesi kuruka: huchemka kwenye nyuzi 26 tu, chini ya joto la kawaida la mchana wa Hagadera. Kwa hiyo kazi ya mpishi ni kuitoa sumu mapema, ipeperuke kabla chakula hakijafika mdomoni.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Ukitumbukiza vipande vikubwa vya muhogo mchungu kwenye maji yanayotokota, moto unaua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na linamarini, ambayo haijali moto, inabaki. Muhogo mtamu una kiasi kidogo, kwa hiyo kuumenya na kuuchemsha vizuri kunatosha. Mchungu hautaki haraka. Unamenywa, unalowekwa siku tatu au zaidi mpaka ubonyee kwa vidole na utoe harufu ya kuchachuka, kisha maji yanamwagwa, unaanikwa na kusagwa.

Septemba 2017, wilayani Kasese, Uganda, waombolezaji walikula ugali wa muhogo mazishini. Watu 33 wakalazwa hospitali ya Bwera wakitapika, wakiharisha na kuumwa tumbo. Hatimaye wagonjwa walifika 98, wawili wakafa. Unga ulitokana na muhogo mwitu. Vipimo vilionyesha wastani wa miligramu 88 za sianidi kwa kilo, ilhali kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni 10. Na ugali ule ulikuwa umepikwa.

Hagadera maji ya kuloweka ni ya kubana. Kwa unga, ipo njia isiyohitaji mengi, iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Australia. Weka unga chomboni, tia alama ulipofikia, ongeza maji ukikoroga. Kimo kitashuka kwanza, kisha kitapanda. Kikirudi kwenye alama, acha. Utandaze mkekani, unene usizidi sentimita moja, saa mbili juani au tano kivulini, kisha upike siku hiyohiyo.

Njia hiyo hupunguza sumu mara tatu hadi sita. Unga wa Kasese ungebaki na miligramu 15 hadi 29 kwa kilo, bado juu ya kikomo. Unga wa namna ile ni wa kumwaga.