Kuku wa Mwisho Ndiye Shahidi: Kuipima Chanjo ya Maji

Majuzi hapa Gazi nilimsikia kijana akimiminiwa sifa kwa kuchanja kuku 300 katika robo saa. Alichanganya chanjo kwenye pipa moja, akajaza vyombo, kuku wakavamia, maji yakakauka kabla wenyeji hawajamaliza chai, na watu wakapiga makofi. Kazi ile ilikuwa mbovu, na sifa zile zilinichoma. Maji ya chanjo yakiisha kwa robo saa, ujue wameyanywa majogoo na mitetea yenye ubabe, na wanyonge wamebaki na kiu yao. Nyukaso ikiingia bandani itaanza na hao waliokosa, na mwenye banda atalaumu chanjo.

Kwanza tuelewane ni banda gani linafaa kuchanjwa kwa maji. Mwenye kuku 30 wa kienyeji wanaolala jikoni na kuzurura mpaka kwenye mikoko asijisumbue na maji. Awafungie usiku, alfajiri awashike mmoja mmoja na kuwatia tone la jicho, maana tone humpa kila kuku dozi yake kamili. Njia ya maji ni ya banda kubwa, la kuku mia na zaidi waliofungiwa, ambao kuwashika wote kunawatia hofu na kunamaliza siku nzima. Ina udhaifu wake: kinga inayopatikana haiwi sawa kwa kuku wote. Ustadi wote wa mchanjaji ni kuupunguza udhaifu huo.

Maji yenyewe ndiyo mtihani wa kwanza, na pwani hii watu wengi wanaanguka hapo. Chanjo hii ni virusi hai vilivyodhoofishwa, na klorini huviua papo hapo. Maji ya mfereji yana klorini. Maji ya kisima hayana, lakini nyumba nyingi humimina Waterguard ndani ya mtungi kwa kuogopa kipindupindu, na anayechota maji yale asubuhi kwa ajili ya kuku hajui kwamba amechota sumu ya chanjo. Visima vya karibu na bahari navyo vina chumvi, na kuku hunywa maji ya chumvi kwa kusitasita. Mimi nataka maji ya mvua yaliyokingwa kwenye tangi la plastiki, au maji ya kisima kitamu cha upande wa bara. Ukilazimika kutumia ya mfereji, yaache wazi kwenye ndoo usiku kucha. Vyombo navyo viwe vya plastiki, vioshwe kwa maji matupu na kusuguliwa kwa brashi, bila sabuni wala dawa. Dawa yoyote ya maji isimamishwe siku mbili kabla na irudi siku moja baada ya chanjo. Zamani mabanda yetu hayakuwa na shida hii: kuku walinyweshwa kwa vifuu, maji yalitoka mtungini, na hakuna aliyejua dawa ya kusafishia vyombo. Tulikuwa na kuku wachache, lakini maji yalikuwa maji.

Baada ya maji, kiu. Nitachukua mfano wa banda la kuku 300 wa mayai wenye wiki nane. Siku moja kabla ya chanjo, mchanjaji anayejua kazi hufanya jaribio kwa maji matupu. Alfajiri anaondoa vyombo, anaacha saa moja ipite, kisha anarudisha maji aliyoyapima na kuangalia yameshuka kiasi gani kwa saa moja na nusu. Tuseme kuku wamekunywa lita 14. Basi kesho yake chanjo itachanganywa katika lita 14, wala hakuna haja ya kubahatisha. Vitabu vina kanuni zao: kwa vifaranga, kila kuku 1,000 hupewa lita sawasawa na umri wao wa siku, hivyo wa siku 14 hupewa lita 14, na idadi inapanda hivyo mpaka kama lita 40. Kwa kuku wetu 300 kanuni ingetoa lita 12. Lakini kanuni haijui joto la Gazi, na kipimo cha jana kinalijua.

Hiyo saa moja ya kiu inatosha pwani. Nimewaona watu wakifuata maelekezo ya nchi za baridi, wakinyima kuku maji kwa saa tatu au nne hadi jua limepanda. Kuku wa namna hiyo hawanywi, wanapigana. Wanamwaga nusu ya chanjo kwenye maranda, wenye nguvu wanajaza tumbo kupita kiasi, na vifaranga wadogo wanaloana na kukanyagwa. Robo saa ile iliyopigiwa makofi ilitokana na kiu ya kupindukia.

Uchanganyaji ufanyike kivulini, alfajiri, na umalizike kabla joto halijaanza. Maziwa ya unga yaliyotolewa mafuta hutangulia, gramu mbili na nusu kwa kila lita. Kwa lita zetu 14 ni gramu 35. Yanakorogwa na kuachwa kama dakika 20 yamalize mabaki ya klorini, na baadaye yawe ngao ya virusi. Maziwa ya mafuta hayafai, yanaganda na kunata kwenye vyombo. Chupa ya chanjo imetoka kwenye agroveti ya Ukunda ndani ya termosi yenye barafu, na haikufunguliwa mpaka dakika hii. Inazamishwa na kufunguliwa ndani ya maji, na chupa yenyewe inavuta maji ndani. Isipovuta, hewa ilikwisha kuingia, itupe. Kwa kuku 300 nunua dozi zisizopungua 300. Dozi kuzidi si kosa, kupungua ni wizi. Na mchanjaji mzuri hukoroga katika ndoo nyeupe kwa mwiko wa plastiki, taratibu, bila kuongea na mtu. Anayepiga soga huku akichanganya simwamini.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mgeni wa kazi hii haliangalii kamwe. Yeye hutazama maji. Mjuzi hutazama kuku ambao hawajanywa.

Kila banda lina daraja zake. Wenye ubabe hufika chomboni kwanza na hunywa mpaka washibe. Wanyonge hukaa kwenye kona na kando ya ukuta, wakisubiri wakubwa waondoke. Kwa hiyo maji ya chanjo yanatakiwa yadumu zaidi ya saa moja, ili zamu iwafikie, na yasizidi saa mbili, maana baada ya hapo virusi vinaanza kufa. Ndiyo sababu pia vyombo huongezwa siku ya chanjo. Kuku 300 kwa kawaida wana vyombo sita. Siku hiyo nataka kumi na viwili, kila kimoja kikipata zaidi kidogo ya lita moja, vikitawanywa mpaka kwenye kona, ili kuku wengi wanywe kwa pamoja na asiwepo mbabe wa kulinda vyote.

Mzee mmoja aliyenifunza kazi hii hakuwahi kusimama mlangoni akisubiri maji yaishe. Akishaweka vyombo alitembea kando ya ukuta polepole, mikono nyuma, akiwasukuma kwa mguu wale waliojikunyata mpaka wasimame na kusogea. Alizunguka, akapumzika, akazunguka tena. Baada ya saa moja aliwashika kuku kama ishirini. Hakuwachagua wale wa karibu na mlango, bali waliokuwa pembeni, waliokonda, wenye manyoya yaliyodonolewa. Aliwapapasa gole kwa vidole viwili. Gole lenye maji ni laini, linajaa mkononi na kucheza, na lisilo na maji ni kavu na bapa. Kwa sababu hiyo chakula hakikutolewa mpaka upapasaji uishe, chakula kisije kikamdanganya. Mahali penye tembe za rangi za kulindia chanjo kazi inakuwa rahisi zaidi, kwa sababu zinayageuza maji kuwa ya buluu: unamfungua kuku mdomo na ulimi unakwambia kama alikunywa. Wataalamu wengi wanaridhika na kuku tisa kwa kumi. Mzee alitaka kumi na tisa kwa ishirini, na mimi nimebaki na kipimo chake.

Aliyekutwa na gole kavu hakuachwa. Alitengwa, akatiwa tone la jicho kutoka chupa ndogo ya pembeni, iliyochanganywa na maji yake maalumu. Na hapo aliniasa nikinge macho yangu, kwa kuwa chanjo ya Nyukaso ikimrukia mtu jichoni humwasha na kulifanya jicho kuwa jekundu kwa siku kadhaa.

Kinyume chake ni tapeli ninayemfahamu kwa kazi zake. Anachanganya chupa moja ya dozi 1,000 nyumbani kwake alfajiri, anaigawa kwenye chupa za soda, anazifunga kwenye pikipiki na kuanza kuuza nyumba kwa nyumba kutoka Gazi hadi upande wa Msambweni. Saa tano bado anauza. Kwa saa hiyo anachouza ni maji ya maziwa. Wateja wake humsifia kwa bei nafuu, na kuku wakifa wanaambiwa chanjo za siku hizi ni dhaifu.

Kuhusu umri, fuata karatasi ya chanjo yenyewe, lakini mpango wa mabanda mengi ni huu: Gumboro kati ya siku ya 10 na ya 14, na marudio yake kama wiki moja baadaye, kwa sababu kinga aliyoachiwa kifaranga na mama yake inaweza kuila chanjo ya kwanza; Nyukaso wiki ya 3, ya 8, na kabla ya kuanza kutaga, karibu wiki ya 18. Kuku wa kienyeji warudiwe chanjo ya Nyukaso kila miezi 3. Kuku anayeumwa hachanjwi, na banda ambalo Nyukaso imekwisha kuingia haliponywi kwa chanjo, kwani kinga huchukua wiki moja hadi mbili kujijenga. Kupiga chafya kidogo siku chache baada ya chanjo si ugonjwa. Kuku kuzubaa, shingo kupinda na kinyesi cha kijani ni jambo jingine. Mwite daktari wa mifugo.

Kwa hiyo ukimwajiri mchanjaji, usimuulize anachukua dakika ngapi. Muulize jana kuku walikunywa lita ngapi. Asipojua, hakufika jana, na leo anabahatisha. Akishamaliza, ingia naye bandani kabla ya kumwaga chakula, nenda moja kwa moja kwenye kona ya mbali, mshike yule aliyekonda kuliko wote na umpapase gole. Likiwa kavu, malipo yasubiri.