Mary Wanjiru yupi? Namna ya kupanga maombi ya kazi yanayofika kwa barua pepe

Ofisi yoyote ya Nyeri ikitangaza nafasi moja ya karani wa hesabu, tatizo la kwanza kwenye sanduku la barua pepe huwa ni majina, hata kabla ya wingi wa maombi. Kwa desturi ya Wakikuyu, mwana wa kwanza huitwa jina la babu mzaa baba na binti wa kwanza jina la nyanya mzaa baba, kisha zamu huhamia upande wa mama. Majina huzunguka katika ukoo bila kupotea. Yale yanayotokana na binti za Mumbi, kama Wanjiru, Wambui, Wanjiku, Wangari na Nyambura, utayakuta kuanzia Othaya hadi Kerugoya. Ukiweka jina la ubatizo mbele na jina la baba nyuma, ni kawaida kabisa kupata akina Mary Wanjiru Mwangi wawili walioomba kazi ileile wiki ileile.

Karani anayepokea maombi hayo, akiwa amezoea kabati la mafaili, hufungua folda kwa jina la kila mwombaji. Hapo ndipo kazi inapoharibika bila yeyote kuona. Wasifukazi wa Mary wa kwanza unaingia vizuri. Wa pili unafika ukiwa na jina lilelile la faili, kompyuta inauliza kama ibadilishe lililopo, na mtu aliyechoka anabonyeza ndiyo. Mwombaji mmoja ametoweka, na hakuna atakayegundua mpaka apige simu kuuliza kwa nini hakujibiwa.

Tahajia nayo huongeza shida. Jina moja huandikwa Wacera na Wachera, Wangeci na Wangechi, hata na mtu yuleyule: moja liko kwenye kitambulisho, jingine kwenye cheti cha KCSE. Anayeandika Kikuyu sanifu ataweka alama juu ya irabu, Wanjikũ, na herufi hiyo ina njia mbili za kuhifadhiwa ndani ya kompyuta: kama herufi moja kamili, au kama `u` ikifuatwa na alama inayosimama peke yake. Kwa macho ni kitu kimoja, lakini programu ya kutafuta inaweza kukupa moja na kukuficha ya pili. Ng'ang'a na Murang'a vilevile, maana simu nyingi huweka ritifaa iliyopinda mahali pa ile iliyonyooka. Kwa hiyo jina la mtu haliwezi kuwa ufunguo wa kabati hili.

Anwani ya barua pepe haifai pia. Karatina, Mukurwe-ini, Nanyuki, kote huko waombaji wengi hutuma maombi kupitia saiba, na mhudumu hutumia anwani ya saiba yenyewe. Anwani moja inaweza kuleta watu sita siku moja. Nambari ya kitambulisho ni ya mtu mmoja kweli, ila ni taarifa binafsi ambayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ichukuliwe pale tu inapohitajika. Kuiandika kwenye jina la faili, ambalo kila anayepita nyuma ya kiti chako atalisoma, ni uzembe.

Kinachofaa ni nambari ya mfululizo anayopewa mwombaji siku barua yake inapofunguliwa, isiyobadilika wala kurudiwa. Tuchukue mfano wa chama cha ushirika wa kahawa kilicho karibu na Karatina, kinachotafuta karani mmoja wa hesabu. Mwombaji wa arobaini na saba ni `KH-0047`, na faili zake zote huanza hivyo:

```
KH-0047_Wanjiru-Mwangi_CV.pdf
KH-0047_Wanjiru-Mwangi_KCSE.pdf
KH-0047_Wanjiru-Mwangi_CPA.pdf
```

Jina limebaki kwa ajili ya macho ya binadamu, lakini nambari ndiyo inayofanya kazi. Herufi ni za kawaida tu, hakuna nafasi, hakuna ritifaa, hakuna alama juu ya irabu. Tahajia anayoitaka mwombaji, pamoja na alama zake zote, huandikwa kwa heshima kwenye daftari, yaani lahajedwali moja ambamo kila mwombaji ana mstari wake. Sufuri za mbele zina kazi yake pia: bila hizo, mahali pengi `KH-10` itapangwa kabla ya `KH-7`.

Kabla ya kutoa nambari, tafuta kwanza kama mtu huyo amekwisha kuingia. Wengi hutuma mara mbili, wakihofia ya kwanza haikufika. Hapa simu husaidia kuliko jina, mradi uandike tarakimu tisa za mwisho peke yake. Mmoja huanza na sufuri, mwingine na +254, na lahajedwali ina tabia ya kula sufuri ya mbele ikidhani ni hesabu. Tarakimu tisa zikilingana na jina likilingana, ni mtu yuleyule, na barua yake ya pili inaingia chini ya nambari ya kwanza. Simu ikilingana na jina likitofautiana, usiamue haraka: huenda ni ndugu wawili wanaotumia simu moja, au mhudumu wa saiba ameacha nambari yake.

Sasa viambatisho. Kwenye Gmail, barua zote za nafasi hii zikishapewa lebo moja, utafutaji huu unaonyesha zile zilizokuja mikono mitupu:

```
label:karani-hesabu -has:attachment -has:drive
```

Sehemu ya mwisho ipo kwa sababu Gmail haikubali kutuma viambatisho vinavyozidi MB 25. Vikizidi, huvigeuza kuwa kiungo cha Drive. Kiungo hicho mara nyingi kimefungwa, nawe unaambiwa uombe ruhusa. Omba siku hiyohiyo, kwa sababu ukingoja wiki mbili mwombaji atakuwa ameacha kuangalia. Fungua pia folda ya barua taka kila jioni, maana Gmail hufuta vilivyomo baada ya siku 30, na barua yenye picha nyingi na maneno mawili ya maelezo huangukia humo kwa urahisi.

Kuwepo kwa kiambatisho hakuthibitishi kwamba ndicho kinachotakiwa. Faili linaloitwa `IMG-20250312-WA0007.jpg` ni picha iliyopita WhatsApp, na WhatsApp hupunguza ukubwa wa picha. Alama za KCSE zinaweza kuwa ukungu mtupu. Lakini kosa linaloumiza zaidi hutoka kwenye mashine ya kuskani ya saiba, pale mhudumu anapoambatisha cheti cha mteja aliyetangulia. Utalijua kwa njia moja tu, kufungua kila faili na kusoma jina lililo ndani yake. Jina likiwa la mtu mwingine kabisa, uliza mwombaji, kisha ufute kile kisicho chake, kwa kuwa umeshika hati ya mtu ambaye hakukuandikia. Jina likitofautiana sehemu tu, tulia. Mwanamke aliyefanya mtihani kwa jina la babake na kitambulisho chake kikawa na la mumewe ni mtu mmoja, na daftari liwe na safu ya majina mengine kwa ajili yake.

Kuna karatasi ambazo hazifai kuwa humo kabisa katika hatua hii. Mabadiliko ya Sheria ya Ajira ya 2022 yanamzuia mwajiri kudai vyeti vya uidhinisho na utiifu mpaka awe anakusudia kuingia mkataba wa maandishi na mtu huyo. Vyeti vya KRA, HELB, EACC na cheti cha tabia njema cha DCI vingoje mwisho. Nawaona vijana wakilipia makaratasi hayo kwa kazi ambayo hata kusailiwa hawatasailiwa, na naliona tangazo linalowalazimisha hivyo kuwa dhuluma.

Saa ya mwisho huleta ugomvi wake. Tuseme tangazo lilisema Ijumaa, Machi 14, 2025, saa kumi na moja jioni. Barua ina nyakati mbili: mstari wa `Date:` umeandikwa na kompyuta ya mtumaji, ambayo pale saiba inaweza kuwa nyuma kwa saa au kwa miaka, na mstari wa juu kabisa wa `Received:` umeandikwa na upande wako. Wa pili ndio wa kuamini, ila usome vizuri:

```
Received: ... Fri, 14 Mar 2025 06:58:11 -0700 (PDT)
```

Hiyo ni saa ya pwani ya magharibi ya Marekani. Ongeza saa kumi, unapata 16:58 za Kenya. Mwombaji huyu aliwahi, kwa dakika moja na sekunde kadhaa.

Kisha waombaji huanza kusogea kutoka hatua hadi hatua, na hapa watu wengi hufungua folda tatu, ya waliopita, ya waliokataliwa na ya usaili, wakiyahamisha mafaili kwa mkono. Mimi nasema faili likae lilipo. Ukilihamisha, mtu atanakili badala ya kuhamisha, na `KH-0047` atakuwa amepita na kukataliwa kwa wakati mmoja. Kinachobadilika ni neno moja kwenye safu ya hali katika daftari: imepokelewa, haijakamilika, imetimiza, usaili, ameajiriwa, hakuchukuliwa. Kwenye ukurasa wa pili wa daftari hilo, kila badiliko hupata mstari mpya: nambari, hali mpya, tarehe, aliyeamua, sababu. Mstari wa zamani haufutwi. Jioni jumlisha walio katika kila hali. Ikiwa mlipokea 212 na jumla ni 211, kuna mtu ameanguka, na atafutwe kabla ya kwenda nyumbani.

Safu ya sababu ndiyo inayopuuzwa zaidi. “Hafai” si sababu. Sababu hutaja sharti la tangazo na hati iliyosomwa. Tangazo likidai CPA Sehemu ya Pili, kumbuka kwamba mtaala wa KASNEB ulioanza 2021 hauna sehemu hizo tena. Una ngazi ya Msingi, ya Kati na ya Juu. Karani anayetafuta maneno “Sehemu ya Pili” atamtupa nje mtu mwenye ngazi ya Kati, na safu ya sababu iliyoandikwa vizuri humwezesha mkubwa wake kuliona kosa hilo na kumrudisha.

Kwa kaunti, kuweka rekodi ya namna hii ni takwa la sheria. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 68, inaitaka Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti itunze rekodi ya maombi yote yaliyopokelewa, pamoja na alama na vigezo vya uteuzi. Chama cha ushirika hakifungwi na kifungu hicho, lakini Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inaketi Nyeri mjini, na swali litakuwa lilelile: huyu alitolewa lini, na nani, kwa nini.

Karani akishaajiriwa, hati za wengine zisikae milele. Amueni tangu mwanzo zitatunzwa kwa muda gani, uandikeni muda huo kwenye tangazo, na siku ikifika zifutwe kwenye folda, kwenye barua pepe yenyewe, na kwenye simu ya mwanakamati aliyetumiwa nakala za waliosailiwa ili azisome akiwa kwenye matatu.