Fanon wa 1961, Kitabu cha 1978

Hutokea tukakuta katika insha na tasnifu rejeo la namna hii: (Fanon, 1978). Kinachokusudiwa ni Viumbe Waliolaaniwa, tafsiri ya Gabriel Ruhumbika na Clement Maganga. Mwaka huo ni sahihi kwa nakala, lakini wampotosha msomaji kuhusu mwandishi. Frantz Fanon alifariki tarehe 6 Desemba 1961, siku tatu kabla ya Uhuru wa Tanganyika, na kitabu chake kilitoka kwa Kifaransa mjini Paris mwaka huo huo.

Na tuchukue mfano wa mwalimu wa Same anayeandika juu ya Mbiru, yaani upinzani wa Wapare dhidi ya kodi, ambao Januari 1945 uliwateremsha maelfu ya watu kutoka milimani hadi bomani Same. Atamhitaji Isaria Kimambo, aliyeandika juu ya Mbiru mwaka 1971, na huenda akapima habari hizo kwa hoja ya Fanon kwamba katika makoloni wakulima ndio nguvu ya mapinduzi. Akiweka (Kimambo, 1971) kando ya (Fanon, 1978), msomaji atadhani Fanon ndiye aliyefuata, pengine amelisoma hata Azimio la Arusha la 1967. Tarakimu nne zimempa marehemu mjadala asioujua.

Wala (Fanon, 1961) peke yake haifai. Kitabu cha mwaka huo ni cha Kifaransa. Kurasa zake si za tafsiri, na maneno yanayonukuliwa ni ya wafasiri. Atakayetaka kuyahakiki humo hatayaona.

Hivyo twapendelea (Fanon, 1961/1978): kwanza mwaka wa kazi ya asili, kisha wa nakala iliyotumika, na ukurasa utolewe katika nakala hiyo. Wengine huandika [1961] 1978. Si vibaya, ilimradi mitindo miwili isichanganywe. Katika orodha ya marejeo jina la Fanon lifuatwe na 1978, jina la kitabu, majina ya wafasiri (ambayo husahauliwa mno), mji na mchapishaji kama yalivyo kwenye nakala, na mwishoni maneno “Kazi ya asili ilichapishwa 1961”. Kimambo, asiyetumiwa kwa tafsiri, atosheka na mwaka mmoja.

Mtego uko nyuma ya ukurasa wa jina. Maneno “toleo la kwanza” katika kitabu kilichofasiriwa huhusu tafsiri, si kazi ya asili. Aidha, kupigwa chapa upya bila mabadiliko si toleo jipya. Na kama mwalimu wetu angetumia tafsiri ya Kiingereza ya Constance Farrington, mwaka wa pili ungebadilika kufuata nakala aliyo nayo mkononi. 1961 ungebaki pale pale.