Theluthi mbili kwenye picha ya mtihani

Picha ilifika usiku. Karatasi ilikuwa imetandikwa juu ya kitanda, taa iko nyuma ya mpigaji, na kivuli cha mkono wake kimefunika pembe nzima ya chini. Ujumbe ulioambatana nayo ulikuwa mfupi: "Shikamoo mjomba. Maswali yote matatu ya uwezekano nimekosa, na mwalimu ameweka kosa tu, hajaandika kitu."

Mpwa wangu yuko kidato cha nne. Mtihani ni wa Kiingereza, kama ilivyo hisabati yote ya sekondari kwetu, ila maswali yenyewe yanafahamika kwa lugha yoyote: moja la sarafu, moja la dadu, moja la karata. Nilivuta picha karibu nikasoma alivyofanya, mstari kwa mstari, maana jibu peke yake halisemi mtoto alipotelea wapi. Baada ya dakika kumi nikaona kwamba amekosa kitu kimoja mara tatu. Kila swali alihesabu vizuri kabisa, ila vitu alivyovihesabu havikuwa na uzito sawa.

Swali la kwanza: sarafu isiyo na hila inarushwa mara mbili, upi ni uwezekano wa kupata kichwa angalau mara moja? Chukua sarafu yetu ya shilingi 200, upande mmoja kichwa cha Karume, upande wa pili simba. Mpwa wangu aliwaza kama mchezaji. Kikitoka kichwa mara ya kwanza, mambo yamekwisha, hakuna haja ya kurusha tena. Akitoka simba, unarusha mara ya pili, na hapo ama kichwa ama simba. Basi yako matokeo matatu: kichwa, simba kisha kichwa, simba kisha simba. Mawili kati ya matatu yana kichwa. Akaandika 2/3.

Nilicheka kidogo, kwa heshima. Hilo ndilo jibu alilolitoa Jean le Rond d'Alembert, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa Ufaransa, katika makala iliyochapishwa mwaka 1754 kwenye ile Ensaiklopidia aliyoihariri pamoja na Diderot. Tena kwa hoja hiyo hiyo ya mchezo unaokwisha mapema. Kwa hiyo kijana yuko na wakubwa, ingawa alama hazipo.

Kasoro iko kwenye lile tokeo la kwanza. "Kichwa" cha mara ya kwanza hutokea nusu ya nyakati zote. "Simba kisha kichwa" lazima kwanza lipite kwenye nusu iliyobaki, kisha likatwe nusu tena, kwa hiyo ni robo. "Simba kisha simba" ni robo nyingine. Ukijumlisha nusu na robo unapata 3/4, na hilo ndilo jibu. Kuna njia fupi zaidi: kitu pekee kinachokunyima kichwa ni simba wawili mfululizo, 1/2 × 1/2, yaani 1/4, kinachobaki ni 3/4.

Mwenye shaka achukue sarafu. Lakini asirushe raundi 20 akatangaza mshindi, kwa sababu kwa hesabu sahihi simba wawili watatoka kama mara 5, kwa hesabu ya d'Alembert kama mara 7, na tofauti hiyo bahati inaimeza. Raundi 200 zinasema zaidi: kama 50 upande mmoja, kama 67 upande wa pili.

Swali la dadu lilikuwa na ujanja wa ndani zaidi. Dadu mbili zinarushwa pamoja. Upi ni uwezekano wa jumla kuwa 9? Mpwa wangu alichora jedwali la pembetatu: 1 na 1, 1 na 2, mpaka 6 na 6, akiacha kila jozi iliyojirudia. Akapata visanduku 21. Jumla ya 9 iko katika viwili, 3 na 6, kisha 4 na 5. Akaandika 2/21.

Mpe dadu moja nyekundu na nyingine nyeupe, kosa litajionyesha. Nyekundu 3 na nyeupe 6 ni tukio moja. Nyekundu 6 na nyeupe 3 ni tukio jingine. Ila 4 na 4 hutokea kwa njia moja tu. Katika jedwali lake visanduku vyote vinafanana kwa macho, lakini kile cha 3 na 6 kina uzito maradufu ya kile cha 4 na 4. Jedwali linalofaa ni la mraba, 6 kwa 6, visanduku 36, na jumla ya 9 inapatikana katika vinne: 4/36, yaani 1/9. Na usidhani rangi ndiyo inayoleta tofauti. Dadu mbili nyeupe pacha huanguka vilevile, ila jicho ndilo linaloshindwa kuzitenganisha.

Wacheza kamari wa Italia walilijua jambo hili kwa mfuko. Mwanzoni mwa karne ya 17 Galileo alielezwa kwamba kwa dadu tatu, jumla ya 10 hutoka mara nyingi kidogo kuliko 9, ilhali kila moja hupatikana kwa michanganyiko sita. Alihesabu mpangilio wa kila dadu badala ya michanganyiko, akapata njia 27 za 10 na 25 za 9, kati ya 216.

La karata ndilo lililofunikwa na kivuli. Lilisomeka hivi: karata mbili zinachotwa kutoka seti ya 52 iliyochangwa vizuri, kisha giza, tafuta uwezekano wa kupata kopa angalau moja. Chini kulikuwa na majibu manne ya kuchagua: 1/2, 7/16, 15/34 na 1/17.

Maneno yaliyozama kwenye kivuli ndiyo yanayoamua. Karata ya kwanza ikirudishwa, kila mara kuna 39 zisizo kopa kati ya 52, yaani 3/4. Mara mbili ni 9/16, na jibu ni 7/16. Isiporudishwa, ya pili inatoka katika 51, na 51 ni 3 mara 17. Ndiyo maana ukiona 17 chini ya sehemu, jua aliyetunga alikuwa na uchotaji bila kurudisha kichwani. Tatizo ni kwamba mtunzi huyu aliweka jibu la kila njia, kwa hiyo kukisia kusingefaa. Nikamwomba apige picha nyingine, mchana, karibu na dirisha.

Ilikuja asubuhi. Bila kurudisha. Basi: 39/52 × 38/51 ni 19/34, huo ndio uwezekano wa kukosa kopa kabisa, na jibu ni 15/34.

Yeye alizungushia 1/2. Pembeni aliandika kwa penseli 1/4 + 1/4: robo ya karata ya kwanza kuwa kopa, robo ya karata ya pili. Nilimuuliza, kwa njia hiyo ukichota karata tano utapata ngapi? Akajibu 5/4, kisha akanyamaza, maana hakuna uwezekano unaopita 1. Hapa pia uzito haukuwa sawa: alikuwa amehesabu mara mbili ile hali ya karata zote mbili kuwa kopa, mara moja kwa sababu ya karata ya kwanza, mara ya pili kwa sababu ya karata ya pili. Hali hiyo ni 13/52 × 12/51, yaani 1/17, ambalo ni lile jibu la nne kwenye orodha. Nikamwambia alitoe kwenye nusu yake. Alituma picha ya tatu, daftari juu ya goti: 17/34 − 2/34 = 15/34.