Kwanza watue

Wiki ya kwanza hakuna anayeruka. Watoto wa miaka 12 hadi 14, wote wapenzi wa kuruka chini na miruko mitatu, wanapanda kibao cha sentimita 15, wanashuka, wanatua kwenye nyasi na kuganda hapo hapo mpaka mwalimu ahesabu tatu. Basi, ni hilo tu. Wengine wanaona wamepunjwa.

Mwalimu anachuchumaa mbele yao, kwa sababu kasoro ya goti huonekana kwa mbele. Kisha anageuka, anawapa mgongo, anasikiliza. Kishindo cha “pwaa!” humwambia kwamba miguu ilikuwa imekakamaa. Anayetua vizuri hukunja nyonga, magoti na vifundo kwa pamoja, na sauti yake ni ndogo.

Binti mmoja alitua vizuri mara tatu. Mara ya nne magoti yake yakaingia ndani, yakakaribia kugusana. “Inatosha kwa leo, mwanangu,” mwalimu akamwambia. Wiki iliyofuata alimshusha kwenye kibao, akamfundisha kuchuchumaa akisukuma nyonga nyuma, goti likifuata uelekeo wa kidole cha pili cha mguu.

Daftari la mwalimu lina hesabu ya kila mguso wa ardhi. Wanaanza na kutua mara 40 kwa siku, siku mbili kwa wiki, na kati yake siku mbili za kupumzisha miguu. Wiki ya tatu wanaruka juu na kuganda. Ya tano wanaunganisha miruko miwili ya mbele, wakiganda kwenye wa mwisho. Mguu mmoja huja wiki ya saba, na hapo idadi hupunguzwa, kwani uzito wote sasa unabebwa na goti moja. Mwalimu hapandishi ugumu na idadi kwa mpigo.

Ukutani kuna alama za kalamu za urefu wao. Mvulana mmoja alikuwa ameongezeka sentimita 2 kwa miezi miwili, na akaanza kupapasa chini ya kilegesambwa. Mahali hapo kano ya goti hushika kwenye muundi, na kwa umri wake pana gegedu ambalo halijawa mfupa kamili. Kila mruko huvuta hapo. Mwalimu alifuta miruko yake yote, akambakishia mazoezi ya nguvu yasiyomuuma. Angechechemea au kuvimba, angepelekwa hospitali.

Kuna makocha wanaokimbilia kuruka kutoka kwenye sanduku refu na kudunda papo hapo, mbinu iliyovumishwa na Msovieti Yuri Verkhoshansky. Yeye aliitumia kwa wanamichezo waliokwisha kujenga nguvu. Kumpa mtoto wa miaka 12 ni papara.

Wiki ya nane binti yule alirudi kwenye kibao, akatua mara kumi, magoti yakifuata uelekeo wa vidole vyake. Kibao cha sentimita 30 bado kiko stoo.