Sifa za Jibu Linalojua Zamu Yake

Abiria anafungua tovuti ya tiketi za basi na kuandika "mwanza" haraka haraka, herufi moja kila milisekunde 100. Kisanduku kinatuma maombi sita kwa seva, kuanzia "m" hadi neno zima. Anaponyanyua macho anaona Mwanza kwenye orodha, sawasawa alivyotaka. Kabla hajaibonyeza, orodha inageuka: Mbeya, Morogoro, Moshi, Mtwara. Kidole kimeshashuka juu ya Mbeya.

Hesabu yake ni hii. Ombi la "m" liliondoka kwanza, lakini herufi moja inalingana na miji mingi, kwa hiyo seva ilitumia milisekunde 900 kuitafuta na kuipanga. Ombi la mwisho liliondoka kwenye milisekunde ya 500, likajibiwa kwa 120 tu, likafika kwenye ya 620. Jibu la "m" likaingia kwenye ya 900 na kufuta lililo sahihi. Kutangulia kutumwa si kutangulia kujibiwa, na hakuna aliyeahidi vinginevyo.

Ofisini kosa hili halionekani, maana seva iko kwenye kompyuta ileile na hujibu papo hapo. Hata kuupunguza kasi mtandao mzima hakutoshi, kwa kuwa maombi yote huchelewa pamoja na mpangilio unabaki uleule. Fundi makini huichelewesha seva ya majaribio kwa makusudi: neno likiwa fupi, jibu likawie zaidi. Hapo kosa hutoka hadharani kila mara.

Wengi hukimbilia kusubiri milisekunde 300 baada ya herufi ya mwisho ndipo watume. Ni adabu njema kwa seva, lakini si tiba. Abiria akisita katikati ya neno kisha akaendelea, maombi mawili yako njiani tena.

Tiba yenyewe ni fupi kiasi cha kuchekesha, na hapo ndipo ufundi unapopendeza:

```js
let zamu = 0;
async function tafuta(neno) {
  const yangu = ++zamu;
  const majibu = await leta(neno);
  if (yangu === zamu) onyesha(majibu);
}
```

Kila ombi linashika namba yake, na jibu lenye namba iliyopitwa linatupwa kimya kimya. Vivinjari vya sasa vina pia `AbortController`, inayokatisha ombi la zamani na kuokoa bando la abiria, ingawa seva yaweza kuendelea na kazi iliyokwisha kuianza.

Kinachobaki ni pembe ambazo mwenye haraka huzisahau. Ombi la zamani likishindwa, ujumbe wa hitilafu nao upimwe kwa namba ileile, usije ukafunika matokeo mazuri. Na abiria akifuta maandishi yote, hakuna ombi linalotumwa, lakini `zamu` lazima ipande. Vinginevyo miji ya "m" itajitokeza chini ya kisanduku kitupu.