Mabati yaliyokuwa yanawaka: nilikosea juu ya mchezo wa mwenzetu

Wandugu wa promosyo, mnakumbuka ile kritiki niliandika hapa juu ya mchezo wa kompyuta wa mwenzetu, ule wa kijana anayekimbia juu ya mapaa ya mtaa. Nilisema michoro yake ni mibaya, mabati yanawakawaka kama maji ya jua, na kijana mwenyewe anatetemeka kama mtu wa malaria. Nyuma ya ile, mwenzetu alikaa wiki tatu akichora mabati upya. Akanitumia. Yalikuwa yanawaka vilevile.

Ile inaniuma, juu ya kosa halikuwa ku mchoro hata kidogo.

Nilianza kushtuka siku nilifungua Celeste, mchezo wa 2018 wa Maddy Thorson na Noel Berry. Celeste nayo imechorwa kwa pikseli kubwa kubwa, picha yake nzima iko na pikseli 320 kwa 180 tu. Mwenzetu alichukua vipimo vilevile. Na Celeste iko na mistari myembamba mingi, kamba, ngazi, mawe, lakini haiwaki. Basi si wembamba wa mstari.

Nikapiga hesabu. Mashini yangu, kama za wengi wenu, iko na ekrani ya 1366 kwa 768. Mchezo wa mwenzetu unanyoosha picha mpaka ijaze ekrani yote. Chukua urefu wa kusimama: 768 ukigawa kwa 180 unapata 4.27 hivi. Lakini ekrani haina robo ya pikseli. Kila mstari wa mchoro unapewa pikseli 4 ao 5 za ekrani, hakuna katikati. Ukihesabu, mistari 132 inapata 4, na mistari 48 inapata 5. Kwa upana ni vile vile: safu 234 zinapata 4, safu 86 zinapata 5. Ni kama shamba la mahindi ambalo mtu alipanda bila kamba: ukisimama mbali huoni kitu, ukitembea kando yake unaona mistari inafunguka na kufungana.

Na mchezo ndiyo kutembea. Zile safu nene zimekaa pa nafasi moja ku ekrani, hazisogei. Ni dunia ya mchezo inayopita chini yake. Sasa bati la mwenzetu liko na mstari mmoja mweusi, miwili myeupe, moja mweusi, miwili myeupe. Kijana akikimbia, mstari mweusi uleule unakuwa na unene wa 4, mara 5, mara 4 tena. Mistari mia moja ikifanya vile kwa pamoja, jicho linaona moto. Ukuta wa rangi moja haukuonyesha kitu, ndiyo maana nilidanganyika nikasema “michoro”.

Dawa yake ni kukubali kupoteza. Picha inakuzwa mara 4 kamili, inakuwa 1280 kwa 720, na kinachobaki kinakuwa weusi: pikseli 43 kila upande, 24 juu na 24 chini. Unapoteza kama asilimia 12 ya ekrani. Mu Godot, ambayo mwenzetu anatumia, ni `display/window/stretch/mode` kuwekwa `viewport`, na `display/window/stretch/scale_mode` kuwekwa `integer`, ile ya pili ikianzia Godot 4.2. Mwenzetu alilalamika kwamba watu watasema mchezo haujazi ekrani. Ni kweli watasema. Ku ekrani ya 1920 kwa 1080 haoni shida hiyo, juu ya 180 inaingia mara 6 kamili, na ndiyo sababu 320 kwa 180 ni kipimo kizuri kuchagua. Lakini wasomaji wake hawako na ile ekrani, wako na hii yetu. Angalisho moja: kama sistemi yenyewe inakuza madirisha kwa asilimia 125, picha inaweza kunyooshwa mara ya pili nje ya mchezo, na mabati yanaanza kuwaka tena. Piga picha ya ekrani, ukuze, uhesabu: mistari yote ikiwa sawa lakini bado unaona moto, tafuta nje ya mchezo.

Bon, mabati yalitulia. Kijana akaendelea kutetemeka.

Hapo ndipo nilielewa kwamba ni magonjwa mawili. Mwenzetu alikuwa amekwisha kuwasha kukaza ku pikseli, ni kusema kila kitu kichorwe ku namba nzima iliyo karibu. Lakini kijana alikazwa peke yake, kamera nayo peke yake. Fuata mfano huu. Kijana iko ku 100.6, ukingo wa kushoto wa kamera ku 20.4. Kwa ukweli tofauti ni 80.2. Vikikazwa, 101 toa 20, kijana anachorwa ku 81. Fremu inayofuata vyote viwili vinasogea 0.25: kijana 100.85, kamera 20.65. Tofauti bado ni 80.2. Lakini sasa ni 101 toa 21, anachorwa ku 80. Amerudi nyuma pikseli moja, nzima, ambayo ku ekrani yangu ni pikseli 4, na hakuna aliyemrudisha. Fremu tatu mbele anaruka tena ku 81. Kamera laini inayofuata mtu polepole inafanya ile siku nzima.

Mwenzetu alipima kwanza kukaza nafasi yenyewe ya kijana kila fremu. Usifanye vile! Kijana akitembea pikseli 20 kwa sekunde, kwa fremu 60, ni 0.33 kwa fremu. Ukikaza inarudi sifuri. Alibonyeza mshale, kijana akasimama kama sanamu. Na kwa mwendo wa 45, ni 0.75, inakuwa 1, kijana anakimbia 60. Thorson alieleza hadharani namna walikwepa hii: nafasi ni namba nzima, lakini kile kidogo kinachobaki kinawekwa pembeni na kuongezwa fremu inayofuata, mpaka kikikazwa kinakuwa pikseli moja nzima.

Kwa mwenzetu tuliacha mwili na desimali zake, tukakaza picha tu. Na kamera tuliikatalia namba yake ya peke yake: inahesabiwa kutoka kwa picha ya kijana.

```
sprite.global_position = global_position.round()
tofauti = tofauti.lerp(lengwa, 0.1)
camera.global_position = sprite.global_position - tofauti.round()
```

Kamera hapa inaanzia ku kona ya juu kushoto, na ule ulaini wa Godot wenyewe umezimwa, la sivyo unakuja kuharibu nyuma. Ulaini sasa uko mu `tofauti`. Ikitulia ku 80.2, kijana anachorwa ku 80 kila fremu, hata akimbie namna gani.

Haiko kamilifu. Wakati `tofauti` inabadilika, kwa mfano kijana anapogeuka, dunia inaweza kuruka pikseli moja hapa na pale kwa muda mfupi. Mimi ninaikubali, juu ya jicho linamfuata kijana, haliangalii ukuta.

Kritiki yangu ninaifuta basi, isipokuwa sehemu moja: muziki wa kiwango cha tatu ni mrefu kupita kiasi. Mabati ya kwanza, yale niliyayatukana, yalikuwa mazuri kuliko haya mapya. Nimemuomba ayarudishe. Amesema ataangalia kama hakufuta faili.